Mshahara Hauzai Kama Mbuzi

Mama mmoja kijana, ambaye jina lake nitalihifadhi, alipata kazi ya usafi katika ofisi moja mjini Kakuma baada ya miaka mingi ya vibarua. Mtoto wake wa kike alimwacha Lodwar kwa nyanya yake, umbali wa kilomita 120 hivi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kandarasi, na barua ya ajira ilitaja shilingi 18,000 kwa mwezi.

Kabla mwezi haujaisha, alikuwa ameshazigawa zote 18,000 kichwani. Zilizoingia ni 16,155. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba hukatwa asilimia 6 ya akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii na asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu. Jumla yake ilikuwa shilingi 1,845, na ahadi zake zilikuwa zimezidi mshahara kwa kiasi hicho hicho.

Pesa iliisha kabla wiki ya pili haijaisha. Alianza kukopa dukani, jina lake likaandikwa kwenye daftari, kisha akachukua mkopo wa simu. Mkopo huo hujikata wenyewe pesa inapoingia, kwa hiyo mshahara wa pili ulifika umepungua tayari.

Nisingependa msomaji amwone kama mtu mfujaji. Sehemu kubwa ya pesa ilikwenda kwa ndugu, na kutoa kulikuwa na maana. Kwa Waturkana, mbuzi unayempa rafiki au mkwe leo ni haki yako siku mifugo yako itakapokufa. Katika ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kusaidiana huko kuliokoa familia nyingi. Lakini mbuzi akibaki zizini atazaa. Mshahara unakuja mara moja kwa mwezi, na ukishagawiwa wiki ya kwanza hakuna kinachoongezeka hadi tarehe nyingine.

Aliyemfungua macho ni mama mpishi wa ofisini, mtu mzima aliyelea watoto wanne kwa mshahara. Hakumpa mpango wowote. Alimpa daftari la shule akamwambia, "Mwanangu, mwezi huu usibadilishe kitu. Andika tu kila shilingi inayotoka, hata ya mchicha."

Mwisho wa mwezi walikaa nalo. Maji yalikuwa mitungi mitatu kwa siku, shilingi 20 kila mmoja, yaani 1,800 kwa mwezi. Mafuta ya kupikia aliyokuwa akipimiwa ya shilingi 30 kila jioni yalikuwa yamefika 900, na sukari ya vipakiti nayo ilikwenda vivyo hivyo. Hakuwa amenunua kitu cha anasa. Alikuwa akinunua vitu vile vile kidogo kidogo, kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu hakuwa na pesa nyingi kwa siku moja.

Basi siku ya mshahara ikawa na utaratibu. Kwanza kodi ya chumba, 3,000. Pili unga, mchele, maharage, mafuta na sukari ya mwezi mzima, 4,500, vyote kwa safari moja. Maji na makaa, 2,800, alizitenga kwenye mkebe. Lodwar kwa mtoto, 3,000. Ndugu, 1,200. Chama cha wanawake kumi, 500. Zinabaki 1,155 za sabuni, nauli na homa ya ghafla.

Fungu la ndugu ndilo lililomtoa jasho. Alimpigia mjomba wake: "Mjomba, shikamoo. Kila tarehe tano nitakutumia 600, hata usiponipigia. Zaidi ya hapo, mjomba wangu, ni chakula cha mtoto." Mjomba alinyamaza, akakubali kwa shingo upande. Kilichosaidia ni kwamba tarehe tano ilipofika, pesa ilitumwa kweli. Tangu hapo simu za katikati ya mwezi zimepungua, ingawa hazijaisha.

Zamu yake ya chama ilipofika, alipokea 5,000 akanunua mbuzi jike, akampeleka kwa nyanya Lodwar. Naona alifanya vyema. Kandarasi huisha, na mwaka 2025 ufadhili ulipokatwa Kakuma, watu waliotegemea mashirika walipoteza kazi bila kujipanga. Daftari lake nalo lina mipaka: mtoto akilazwa siku tatu, hizo 1,155 hazitatosha.

Nanyi mnaoajiri kule Kakuma na Lodwar, mfanyakazi mpya anapotia sahihi, kaeni naye robo saa, kwa Kiswahili au Kiturkana, mwandikieni kwenye karatasi kiasi kitakachoingia mkononi mwake. Kama mngemwonyesha mama huyu zile 16,155 siku ya kwanza, asingeziahidi zile 1,845.