Kanda la Usufi

Wazee wa pwani wana msemo wa kumkejeli mtu anayechukulia shida za mwenzake kuwa nyepesi: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Msemo huu unamtazama aliyesimama kando, mikono mitupu. Lakini je, aliyeubeba kweli, kila usiku, hadi mgongo ukaanza kuinama? Ana haki ya kusema nimechoka?

Tuseme ni mashoga wawili waliosoma pamoja Malindi. Mmoja yuko mapokezi kwenye hoteli kule Watamu na zamu yake inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Wa pili anaishi Kilifi mjini. Alifiwa na mamake, mchumba naye akaondoka, kisha usingizi ukakata. Kila usiku saa tano inaingia voisi noti ya dakika kumi, halafu meseji: "Uko?" Miezi ya kwanza wa Watamu anasikiliza yote na wakati mwingine analia pamoja naye. Mwezi wa nane anajibu "pole shoga yangu" huku anasugua sufuria, na voisi noti yenyewe hajaifungua.

Hapo ndipo swali linapogeuka. Tunauliza kama kumwambia ukweli ni kumtupa, ilhali wa Kilifi tayari anamwaga moyo wake kwa mtu ambaye hayupo, na hajui. Pole ya uongo inamnyima pia sababu ya kutafuta mtu mwingine, maana anadhani anaye.

Wengi watasema hii ni tabia ya kizungu, kwetu mtu habwagwi. Basi tuutazame msiba wa kwetu. Matanga huwa na watu wengi: huyu anapika, yule analala na wafiwa, mwingine anashughulikia wageni. Na kuna siku ya kuanua matanga, watu wakarudi makwao. Faraja yetu ya jadi iligawanywa, tena ilikuwa na kipimo. Ni simu iliyomfanya mtu mmoja awe matanga mazima, yasiyoanuliwa.

Kwa hiyo wa Watamu aseme, lakini kwa mpango. Si saa tano usiku mwenzake akilia, na si kwa meseji. Achague mchana wa siku ya mapumziko, ana kwa ana ikiwezekana: "Shoga, nakupenda ndiyo maana nakwambia. Siku hizi nakujibu na sijakusikiliza, na hilo halikufai. Baada ya saa tatu usiku sitashika simu. Jumapili jioni ni yako, nitakupigia mimi." Kinachokoma kitajwe waziwazi, na kinachobaki pia. Akisema tu "nahitaji nafasi kidogo," mwenzake ataijaza nafasi hiyo kwa hofu.

Halafu mlango mwingine, na asiishie kumrushia namba. Simu ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo. Befrienders Kenya wanapatikana kwa 0722 178 177. Hospitali ya Kaunti ya Kilifi ina kliniki ya afya ya akili. "Nitapanda matatu nije, twende pamoja mara ya kwanza." Sentensi hiyo ndiyo inayotofautisha kukabidhi na kutupa. Na yule mama mdogo aliye Mtwapa, ameambiwa lolote? Mara nyingi jamaa hawajui kitu kwa sababu rafiki aliapishwa asiseme.

Kuna usiku ambao mpango huu wote unawekwa kando. Mwenzako akisema amechoka kuishi, muulize wazi: unafikiria kujiua? Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, asibaki peke yake. Mtafute aliye karibu naye, apelekwe hospitali, na kiapo cha siri kivunjwe. Zamani watu waliogopa hata hospitali, kwani kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Usiku wa kawaida ni tofauti, na ndio mgumu kuushinda. Wa Kilifi atakasirika. Atajibu "sawa" moja kavu, anyamaze wiki nzima, kisha usiku wa nane voisi noti iingie. Isipokuwa ni hatari kweli, wa Watamu asubiri kupambazuke ndipo ajibu. Akikimbilia simu saa tano, atakuwa amemfundisha kwamba mpaka ni suala la kulia zaidi. Jumapili apige, hata kama hatashikiwa, na Jumapili inayofuata apige tena.

Huenda mshauri wa kwanza asimwingie moyoni, ikabidi atafutwe wa pili. Huenda pia urafiki usirudi ulivyokuwa, na wakikutana sokoni wasalimiane tu, waulizane habari za nyumbani, kila mmoja ashike njia yake.