Bei ya Jambo Ambalo Halikutokea

Binti wa mwaka wa pili, anayesoma uhasibu Dar es Salaam, amepata kazi kwenye kibanda cha wakala wa pesa za simu: saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kwa shilingi 8,000. Akitoa nauli ya daladala, tuseme 1,200, anabakiwa na 6,800. Akiikataa, muda huo atajisomea. Shangazi yake anasema kusoma hakuna gharama, maana ada imeshalipwa. Lakini ada hairudi, afanye kazi asifanye, kwa hiyo haimo kabisa kwenye uamuzi huu. Kilichomo ni zile 6,800 anazoziacha. Kusoma jioni moja kunamgharimu kiasi hicho.

Wachumi huiita gharama ya fursa, wazo linalohusishwa hasa na Friedrich von Wieser wa Austria: thamani ya chaguo lililo bora kati ya yote uliyoyaacha. Ni hilo moja tu. Akienda kibandani, hawezi kudai kwamba kazi imemnyang'anya masomo, usingizi na mazoezi ya kwaya kwa pamoja, kwa sababu muda ule usingetosha vyote. Tena awe mkweli: kama jioni zake huishia kuchezea simu, asiisingizie kazi kwamba imemwibia alama.

Muda wenyewe nao haulingani thamani. Saa ya kwanza anakokotoa maswali ya mitihani iliyopita na kugundua asichokijua. Ikifika ya nne anausoma ukurasa uleule mara tatu. Angeweza kuigawa jioni, saa mbili vitabuni na mbili kibandani, pengine angepata mengi kwa kupoteza machache. Mwenye kibanda, hata hivyo, anataka mtu wa zamu nzima. Basi anapima zamu nzima kwa jioni nzima, na wiki ya mitihani ikikaribia, 6,800 zilezile anazipata kwa bei kubwa zaidi.

Ugumu wa wazo hili, kwa maoni yangu, hauko kwenye hesabu. Pesa ya kibandani anaishika mkononi. Alama ambazo angezipata hazikuwahi kuwepo, hakuna atakayempa risiti yake, na hata akifaulu vibaya hatajua kama ni kazi iliyomponza au mtihani ulikuwa mgumu. Analinganisha kitu na kivuli chake, na kivuli ni rahisi kukipunguza.

Mwenzake wa chumbani hutumiwa pesa na wazazi kila mwezi. Kwake, kukataa kazi ileile ni kukosa viatu vipya. Kwa binti wetu, ambaye hana kodi ya mwezi ujao, ni kuhatarisha chumba anachosomea. Wamekaa meza moja na kitabu kimoja, lakini jioni hiyo kila mmoja anailipia bei yake.