Jina Lako Lisimezwe

Anayepiga simu duka la dawa mara nyingi ana mgonjwa kando yake na salio dogo. Ukiitikia "Haloo?" tupu, salio hilo litaanza kuliwa na swali la kama amefika anakotaka. Tanguliza salamu, maana neno la kwanza huweza kumezwa kabla sauti haijakaa sawa. Bora imezwe salamu kuliko jina.

"Habari za asubuhi. Hapa ni duka la dawa, sokoni. Mimi ni Rehema. Nikusaidie nini?"

Sema polepole. Anayeyarudia maneno haya kutwa huanza kuyakimbiza bila kujua, hivyo ukiulizwa "Nani mwenzangu?", ujue ulikimbia. Na dawa ikihitaji kutafutwa, usimwache akisubiri hewani. Mwambie akate, umpigie wewe.