Darasa la Akina Mama Lianzie kwenye Kadi

Mama wa miaka hamsini ambaye hakupata kukaa kwenye dawati anauza dagaa, analea wajukuu, na kila wiki anaweka hisa kwenye kikoba. Ukimkusanya na wenzake chini ya mwembe, ukawafungulia kitabu cha darasa la kwanza chenye picha ya mpira, watakuja wiki mbili kisha wataacha. Watu watasema akina mama hawana muda. Muda wanao, ila umewapa mpira.

Wewe uliyemaliza kidato cha nne na unakaa kijiji kimoja nao, nakuomba uanze kwenye karatasi zilizomo ndani ya nyumba zao: kadi ya kliniki ya mtoto, bahasha ya dawa, kitabu cha hisa, ujumbe wa pesa kwenye simu. Hizo ndizo mada zako za mwaka mzima.

Chukua kadi ya kliniki. Siku ya kwanza usiandike chochote. Iweke kadi katikati, muulizane: nani hukusomea tarehe ya kurudi? Ikipita bila kujua, inakuwaje? Waache wazungumze mpaka wachoke, maana hapo ndipo utajua kinachowauma. Kisha andika ubaoni neno moja, kadi. Lipigieni makofi mawili, ka na di. Chini yake andika familia mbili: ka ke ki ko ku, halafu da de di do du. Wazisome kushuka, kupanda, na kwa kurukaruka.

Sasa waambie waunganishe vipande wenyewe. Mmoja atapata kaka, mwingine dada. Atatokea wa kusema kuku, na darasa zima litacheka. Watafika kwenye duka na kodi bila wewe kuwaonyesha. Wengine wataunda maneno yasiyokuwapo duniani; yaandike hayo pia, wayasome, kisha wayafute. Ukiwaongezea irabu a peke yake, wanaandika sentensi nzima: dada akodi duka. Konsonanti mbili na irabu tano zimetosha kumfikisha mtu kwenye sentensi, kwa sababu Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa. Nafasi hiyo usiipoteze kwa kukaririsha majina ya herufi zote kuanzia a mpaka z.

Somo hilo lipe wiki nzima, vipindi vitatu vya saa mbili. Kisha fuata uzito, dawa, hisa, deni. Mkopo uje baadaye, kwa kuwa m pale husimama peke yake na huwasumbua wanaoanza. Bahasha isubiri sh. Maneno kama nyumba, mbwa na ng'ombe yaje mwishoni, na yasikutie wasiwasi yakichukua miezi.

Hesabu ni habari nyingine. Usimfundishe muuza dagaa kujumlisha, maana kichwani anakushinda. Asichokijua ni kuandika. Mwambie aandike laki moja na elfu tano, huenda akakuandikia 100000 kisha 5000 mbele yake, kama anavyosikia. Hapo toa noti. Chora safu: laki, makumi elfu, elfu, mamia, makumi, mamoja. Noti kumi za elfu kumi zinahamia safu ya laki na kuwa 1. Safu ya makumi elfu imebaki tupu, basi sifuri inakaa hapo kuilinda. Noti tano za elfu moja zinakaa kwenye safu yao: 105,000. Akishaelewa kazi ya sifuri ile, mkopeshaji hawezi tena kumwandikia 150,000 akanyamaza. Bahasha ya dawa yenye 2×3 nayo isomwe kwa punje za mahindi: mbili asubuhi, mbili mchana, mbili usiku. Wapo wanaomeza tatu kwa mara mbili, jumla ni sita zilezile, lakini mwili haupokei dawa kwa jumla.

Kabla hujamwita mtu mzito, tazama anavyoshika daftari. Akilisogeza mbali kwa mkono ulionyooka, shida si akili. Baada ya miaka arobaini hivi, macho ya watu wengi hupoteza uwezo wa kuona karibu, na miwani ya kusomea huwasaidia wengi wao. Siku ya kwanza mpe kila mmoja uzi na sindano atunge. Anayeshindwa apelekwe kupimwa macho kwanza.

Sasa maendeleo. Tanzania ilishawahi kupima kwa bidii. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na 1975 wanakisomo wakafanya mtihani wa taifa uliowapanga kwa hatua nne. Hatua ya tatu ilikuwa kusoma na kuandika sentensi fupi na kujumlisha tarakimu ndogo. Hatua ya nne ndiyo ya kutumia: kuandika ujumbe, kusoma gazeti, kuweka kumbukumbu za matumizi. Mitihani ilirudiwa mara kadhaa, na kufikia 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya asilimia 10. Baadaye idadi ikapanda tena. Naona somo lake ni hili: aliyebaki hatua ya tatu bila kitu cha kusoma nyumbani husahau.

Kwa hiyo darasa lako lisipime kurasa zilizokwisha. Kila mama awe na karatasi yake yenye orodha ya kazi: kusoma tarehe ya kurudi kliniki, kusoma kiasi na salio kwenye ujumbe wa simu, kuhesabu mihuri ya hisa, kuandika jina la jirani. Nasema la jirani kwa makusudi. Jina lake mwenyewe anaweza kulichora kama ua la kanga bila kusoma hata silabi moja.

Mbele ya kila kazi kuna duara. Tupu maana yake bado, nusu ni kwa msaada, lililojaa ni peke yangu. Alijaze yeye mwenyewe, baada ya kuifanya kazi siku mbili tofauti kwa karatasi ambayo hajawahi kuiona. Bila sharti hilo utakuwa unapima kumbukumbu. Nimeona mwanakisomo akisoma ukurasa mzima bila kukosea huku kitabu kimepinduliwa.

Kila baada ya wiki nne zitandike karatasi zote mbele yako. Duara moja likiwa tupu kwa mama mmoja, kaa naye. Likiwa tupu kwa nusu ya darasa, umefundisha vibaya, rudia. Kwenye mahudhurio andika sababu pamoja na alama: palizi, msiba, mtoto anaumwa. Palizi ikijirudia, mwezi ule punguzeni vipindi kuwa kimoja kwa wiki, kuliko kuwapoteza wote.

Kikoba cha jirani yako kina siku yake ya kukutana. Nenda wiki hii, omba dakika kumi kabla hawajafungua sanduku, uwaulize saa gani inawafaa. Watakachotakiwa kuja nacho ni kadi, kitabu cha hisa na simu. Chaki nunua wewe.