Tisheti za Jumatatu

Ukinunua kitu kwa ajili ya siku fulani, halafu kikaletwa siku imeshapita, je, umeletewa ulichonunua? Muuzaji atakuambia ndiyo: rangi ni ile, idadi ni ile, hakuna kilichochanika. Wewe utahisi hapana, lakini ukiulizwa kwa nini, unaweza kukosa maneno. Mimi nililazimika kuyatafuta hayo maneno, kwa sababu kulikuwa na shilingi 24,000 ambazo hazikuwa zangu peke yangu.

Nyanya yetu alipofariki, binamu wote tulichanga kwenye grupu ya WhatsApp ili wajukuu tuvae sare siku ya mazishi. Tisheti 40 nyeupe, picha yake kifuani, jina lake na tarehe ya mazishi mgongoni, kila moja 600. Muuzaji yuko Malaba, upande wetu wa Kenya. Anachukua oda, kazi inachapwa Kampala, mzigo unavuka mpaka, kisha bodaboda anakuletea Amagoro. Nililipa zote kwa M-Pesa Alhamisi. Aliahidi Jumatano. Mazishi yalikuwa Jumamosi inayofuata. Tisheti zilifika Jumatatu, wakati mahema yalishafunguliwa na viti vya kukodi vimerudi kwa wenyewe.

Jibu lake la kwanza lilikuwa la upole: "Pole sana, lakini kazi ni safi, mtazivaa kwenye kumbukumbu." La pili lilikuwa la hesabu: yeye ameshalipa wachapaji, kwa hivyo tugawane hasara, anirudishie 12,000. Watu wazima kadhaa pale nyumbani waliona hiyo ni haki. Nusu kwa nusu ndiyo namna wazee wengi hupatanisha watu, kila mmoja anaumia kidogo na hakuna anayeondoka na kinyongo.

Mimi nilikataa, na si kwa ubishi. Angalia kilichokuwa kwenye makubaliano. Hatukuwa tunanunua pamba. Tungetaka tisheti tu, soko la Malaba limejaa mitumba ya bei ya chini kuliko 600. Tulichonunua ni wajukuu 40 kusimama pamoja kando ya kaburi siku moja, wakitambulika kuwa ni watu wa mtu mmoja. Tisheti ni nyenzo ya hilo, na tarehe ni sehemu ya kitu chenyewe kama picha ilivyo sehemu yake. Angetuletea tisheti 40 zenye sura ya mtu mwingine, hakuna ambaye angesema tugawane hasara. Siku ikikosewa ni vilevile, ila siku haishikiki mkononi, ndiyo maana ni rahisi kuidharau.

Kugawana hasara kuna mahali pake. Ni haki pale ambapo hakuna aliyeahidi, au jambo lililotokea hakuna ambaye angeliona likija. Yeye alisema malori yalikwama mpakani. Sasa, mtoto yeyote wa Amagoro anajua foleni ya malori ya Malaba. Tumekua tukiihesabu tukienda shule. Mtu anayefanya biashara ya kuvusha mzigo kutoka Kampala na anataja Jumatano, ameshaiweka foleni kwenye hesabu yake, au alipaswa kuiweka. Faida ya kuchapa Kampala ni yake, na hatari ya barabara ya Kampala inakuja na hiyo faida. Sisi hatukuchagua achapie wapi.

Kisha akaleta hoja iliyonifanya nifikiri kwa muda: "Lakini Jumatano ilipita na ukanisubiri. Mbona hukukataa siku hiyo?" Ni swali zuri. Ukimvumilia mtu, je, umeifuta ile tarehe?

Mimi si wakili, hata chuo nilikiacha mwaka wa pili, lakini kusoma sikuacha. Kuna kesi ya Uingereza, Rickards dhidi ya Oppenheim, ya mwaka 1950, inayojibu swali hili vizuri. Mnunuzi alitaka gari lake aina ya Rolls-Royce liundiwe bodi. Aliahidiwa miezi sita, au saba ikizidi sana. Miezi saba ikaisha Machi 1948, bodi haipo, naye akaendelea kusubiri na kuwasukuma. Mwisho wa Juni akawaandikia: kama halitakuwa tayari ifikapo Julai 25, silichukui. Lilikamilika Oktoba. Akalikataa, na Mahakama ya Rufani ikasema ana haki. Jaji Denning alieleza kwamba kwa kusubiri, mnunuzi alikuwa ameiachilia ile tarehe ya kwanza, lakini hakuachilia haki ya kuweka tarehe nyingine ya mwisho, mradi atoe taarifa yenye muda wa kutosha. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, imejengwa juu ya sheria ya Kiingereza ya 1893, na kuhusu muda wa kuleta mzigo inasema uzito wake unategemea masharti ya makubaliano yenyewe. Ndiyo maana ni muhimu tarehe na sababu yake viandikwe mapema. Ujumbe wangu wa kwanza kwake ulikuwa na maneno "za mazishi ya Jumamosi", na tarehe yenyewe alikuwa akiichapa mgongoni mara 40. Hangeweza kusema hakujua.

Na Jumatano jioni, alipoomba muda, nilimwandikia hivi: "Sawa, tunakusubiri hadi Ijumaa saa sita mchana. Zikizidi hapo hatutazihitaji, na tutaomba pesa zote zirudi." Akajibu "sawa dada". Subira yangu ilikuwa na mwisho unaoonekana, naye aliukubali. Subira ya namna hiyo haimnyimi mtu haki yake. Ingekuwa ajabu kama kila anayemwonea mwenzake huruma siku mbili anapoteza pesa zake, kwa sababu basi hakuna ambaye angethubutu kuhurumia.

Zilipofika Jumatatu, kulikuwa na mtego mmoja. Binamu mdogo alitaka kuvaa yake papo hapo apige picha. Nikamwambia aiache kwenye mfuko. Sheria inaona kwamba ukitumia kitu kama mwenyewe, au ukikaa nacho muda mrefu bila kusema lolote, umekikubali, na baada ya hapo huwezi tena kukikataa, labda udai fidia tu. Kimaadili pia ni hivyo. Huwezi kuvaa kitu na kudai hukukipokea. Kwa hivyo nilipiga picha ya mzigo ukiwa umefungwa, na saa hiyohiyo nikatuma ujumbe kwamba tunazikataa na ziko salama, atume mtu azichukue. Mnunuzi anayekataa mzigo kwa haki halazimiki kuurudisha mwenyewe. Inatosha amjulishe muuzaji.

Binamu mwingine alikuja na njia ya mkato: tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, sema ulikosea namba, pesa zirudi. Nikasema zii. Ile huduma ni ya mtu aliyetuma pesa kwa namba isiyo yake, na mimi nilituma kwa mtu niliyemkusudia. Tungekuwa tunadai haki kwa kusema uongo, na muuzaji angekuwa na kisa cha kweli dhidi yetu.

Nilichodai ni 24,000, si zaidi. Ijumaa alasiri tulikimbilia vitambaa vyeupe vya kufunga mkononi, na hiyo gharama iliniuma. Lakini kurudishiwa pesa na kulipwa fidia ni mambo mawili. La kwanza linasema: sikupata, nirudishie. La pili linasema: umeniumiza, nilipe. Nilitaka la kwanza lisimame peke yake, wazi kabisa, ili asipate nafasi ya kubishana juu ya bei ya vitambaa na kuahirisha mengine yote. Ujumbe ulikuwa na mistari minne: tulikubaliana nini, mzigo ulifika lini, tunadai kiasi gani, na siku ya mwisho ya kulipa, siku saba. Nikaongeza kwamba baada ya hapo tutaenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa na sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, unaweza kujiwakilisha mwenyewe, na inatakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Sikutukana, sikumtangaza popote. Sauti ya juu humpa mtu sababu ya kujibu sauti badala ya hoja.

Shangazi aliniuliza usiku huo: "Mwanangu, na yule kijana atakula nini?" Hili ndilo lililonisumbua kuliko sheria zote. Muuzaji si kampuni kubwa. Ni kijana wa rika langu mwenye simu na deni Kampala. Na tisheti zenye sura ya nyanya yetu hawezi kumuuzia mtu mwingine. Utu unasema nini hapo?

Nilimjibu Shangazi kwamba pesa zile zilitoka kwa binamu zaidi ya ishirini. Kuna aliyetoa 200 za kibarua cha kupakua mizigo mpakani. Kusamehe ni zuri, lakini mtu husamehe cha kwake. Nikisamehe 12,000 za wengine ili nionekane na moyo mwema, wema wangu umelipiwa na mtu ambaye sikumuuliza. Huruma yangu ingeweza kukaa kwenye vitu vilivyo mikononi mwangu: lugha, na muda. Kwa hivyo alipoomba alipe mara mbili, nilikubali. Alituma 15,000 wiki hiyo na 9,000 mwisho wa mwezi. Kiasi hakikupungua hata shilingi.

Pesa ziliporudi zote, Shangazi alimpigia simu akanunua tisheti moja kwa 600 zake mwenyewe. Wengine walicheka, ati si tungebaki na moja tu kutoka kwenye ule mfuko? Lakini mpangilio ule una maana. Kwetu sisi 40 tisheti zilikuwa za Jumamosi, na Jumamosi ilipita. Yeye alitaka sura ya mama yake ya kuweka kabatini, kitu kisicho na siku, na kwa hilo muuzaji hakuwa amechelewa hata kidogo. Akalipa bei kamili bila kuomba apunguziwe.

Zilizobaki 39 zilikuwa mali yake. Tulimwomba tu asizigeuze matambara ya gereji. Hilo hatukuwa na haki ya kulidai, tulijua, kwa hivyo tulilisema kwa sauti nyingine kabisa. Akasema amesikia.