"Subiri Kwanza, Mama"



Mpendwa kijana mwenzangu, leo nina swali moja ambalo limeninyima usingizi wakati wa likizo: je, inawezekana kumvunjia mzazi heshima katika dakika ileile unayowafundisha watu kumheshimu? Zamani ningejibu haraka kwamba haiwezekani. Siku hizi nasita, na nitakueleza kwa nini.

Jumapili ya nne ya Julai Kanisa huadhimisha Siku ya Babu, Bibi na Wazee, ambayo Papa Fransisko aliianzisha mwaka 2021. Vijana wa kigango chetu hapa Maretadu walitaka kutengeneza video fupi ya kuwaheshimu wazazi wazee, ya dakika moja tu, ili waisambaze kwenye magrupu ya jumuiya. Wakanifuata. "Frateri, wewe umesoma falsafa, tupangie." Nikawapangia sehemu tatu: tukio la nyumbani, neno la Maandiko, na tendo moja ambalo mtu anaweza kulifanya leo leo. Tukio la nyumbani nikasema tulichukulie kwetu, kwa mama yangu. Baba alishafariki, na mama amevuka miaka 70.

Tukaenda. Asubuhi ya Julai huku Mbulu ni baridi kweli, mama alikuwa amejifunika shuka na kukaa juani kwenye kigoda. Mpango ulikuwa mimi nitoke ndani na sahani ya ugali na maharage, nipige goti, nimkabidhi kwa mikono miwili, yeye atabasamu. Nikafanya hivyo. Kijana aliyeshika simu akasema kuku amepita mbele, turudie. Tukarudia. Mara ya pili mama aliangalia simu badala ya kuniangalia mimi. Tukarudia tena. Mara ya tatu ikatoka safi kabisa. Mama akauliza kwa Kiiraqw, "Leo ndiyo nakula mara tatu?" Tukacheka wote.

Usiku nikakaa kuzitazama klipu zote ili nichague. Kwenye ile ya pili, kabla sijapiga goti, sauti ya mama inasikika chini chini. Anasema vidole vya miguu vinamuuma. Halafu inasikika sauti yangu, wazi kabisa: "Subiri kwanza, Mama, tumalize."

Jamani. Nilirudia kusikiliza kama mara tano. Na kuna jingine. Mimi nyumbani sijawahi kumpigia mama goti wakati wa kumpa chakula. Sisi hatuna desturi hiyo, niliiona kwenye video za watu wengine. Kwa hiyo nilimpa mama heshima ambayo hakuiomba, na ile aliyoiomba kwa mdomo wake nikaiambia isubiri.

Kwa sehemu ya Maandiko nilikuwa nimechagua amri ya nne, kama wengi wetu tungefanya. Usiku ule nikafungua Marko 7, aya ya 9 hadi 13. Pale Yesu anabishana na Mafarisayo na waalimu wa sheria kuhusu amri hiyohiyo. Walikuwa na utaratibu ulioitwa Korbani. Mtu aliweza kutamka kwamba mali yake fulani ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na tangu hapo hakuruhusiwa kuitumia kumsaidia baba au mama. Angalia jinsi jambo lenyewe lilivyo. Mtu yule hasemi kwamba wazazi hawana maana. Anataja jina la Mungu! Amechukua kitu ambacho wazazi walikuwa wanakihitaji, akakiinua hadi mahali patakatifu pasipofikiwa na mikono yao. Yesu anasema kwamba kwa njia hiyo wanalitangua neno la Mungu kwa ajili ya mapokeo yao.

Angalia pia kwamba maneno yale hayakuwahusu watoto wadogo. Mtoto wa darasa la tatu hana mali ya kuiweka wakfu. Yalihusu watu wazima wenye uwezo, ambao wazazi wao wamezeeka. Wengi wetu tulifundishwa amri ya nne tukiwa wadogo kama amri ya kutii: usijibu, katumwe, salimia. Tukikua tunadhani tumeshaimaliza, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Neno la Kiebrania linalotafsiriwa "waheshimu" katika amri hiyo ni kabedi, na mzizi wake unahusu uzito. Kumheshimu mzazi ni kumpa uzito. Hata sisi kwa Kiswahili tunasema jambo fulani "limepewa uzito". Sasa uzito unaupimaje? Kwa kuangalia kinachosogea. Mama aliposema vidole vinamuuma, hakuna kilichosogea. Kuku alipopita mbele ya simu, watu wanne tulisogea.

Siku ya pili nikawaambia vijana ile video tuiache. Kijana mmoja akanipinga, na hoja yake ilikuwa nzuri. "Frateri, tusipoonyesha, wenzetu watajifunzia wapi? Si Yesu mwenyewe alisema nuru yetu iangaze mbele ya watu?" Ni kweli, ipo katika Mathayo 5:16. Lakini sura inayofuata, katika aya ya 3, Yesu anasema mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Je, anajipinga? Mimi naona hapana. Tendo jema linaweza kuonekana bila kuharibika, mradi halikuzaliwa kwa ajili ya kuonekana. Kipimo nilichowapa vijana ni hiki: simu ikiisha chaji katikati, tendo linaendelea? Likiendelea, ni tendo, na video ni kivuli chake. Likisimama, hapo kulikuwa na maigizo, na mzazi alikuwa kifaa tu cha maigizo hayo.

Basi tukarudi kwa mama, safari hii kwa ajili ya vidole. Nilipomvua kandambili ndipo nilipoelewa. Kucha zilikuwa nene, ndefu, na moja imejikunja kuelekea nyama. Mama mgongo haukunji tena, na macho hayaoni vizuri kule chini. Kumwomba mtu akukate kucha za miguu ni aibu, kwa hiyo alinyamaza miezi mingi, hadi siku ile mbele ya simu. Naomba ulifikirie hilo: shida nyingi za mzee ziko mahali ambapo lazima uiname ndipo uzione.

Tulifanya hivi, na wewe waweza kufanya. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, uyapime kwa kiwiko chako, kwa sababu miguu ya mzee wakati mwingine haisikii joto sawasawa na anaweza kuungua. Aloweke kama dakika 10 ili kucha zilainike. Kata kidogo kidogo kwa kikata kucha, kwa mstari ulionyooka, usichimbe pembeni, na usitumie wembe. Kausha vizuri katikati ya vidole, maana unyevu ukibaki pale fangasi wanapata makao. Paka mafuta ya mgando kwenye nyayo, siyo katikati ya vidole. Ila kama mzazi ana kisukari, au miguu imekufa ganzi, au kuna kidonda au sehemu imebadilika rangi, usiloweke wala usikate. Mpeleke zahanati au kituo cha afya. Kidonda kidogo kwa mtu wa kisukari kinaweza kumgharimu mguu.

Kabla ya kurekodi nilimwuliza mama kwanza. Akasema, "Piga miguu. Uso wangu uache." Tukaheshimu. Video mpya ina sekunde 60: beseni na mikono, kisha neno, kisha jinsi ya kukata. Uso wa mama haumo. Katikati simu iliita ikakata rekodi, na mimi nikaendelea na mguu wa kushoto.

Neno tulilobadilisha tukaweka ni Yoshua bin Sira 3:12-13, ambalo husomwa pia kwenye sikukuu ya Familia Takatifu. Linamwambia mwana amsaidie baba yake uzeeni, asimhuzunishe, na hata akili za mzee zikipungua amvumilie. Hapo nikajifunza mpaka mwingine: mzazi ambaye akili zimeanza kupungua hawezi kukupa ruhusa ya kweli. Huyo usimrekodi, hata kama video ingewagusa maelfu. Na je, unajua kitabu hicho kilitufikiaje? Mzee Yoshua bin Sira alikiandika kwa Kiebrania, na mjukuu wake akakaa Misri kukitafsiri kwa Kigiriki, ili wasiojua lugha ya babu waelewe. Mjukuu aliipa kazi ya babu uzito.

Sasa nimalizie na langu, maana sitaki kukuhubiria huku nimejificha. Mimi ni kitinda mimba. Kwetu ndiye anayetegemewa kubaki na wazazi. Mimi nikaenda seminari. Anayemchotea mama maji kila siku ni shemeji yangu, mke wa kaka, na kila nikiulizwa huwa najibu, "Mimi niko kwenye wito." Usiku ule nilijiuliza: je, wito wangu umekuwa Korbani? Mtakatifu Tomaso wa Akwino analijadili swali hili bila kuzunguka. Anasema kama wazazi wako katika shida kiasi kwamba hawawezi kutunzwa isipokuwa na mtoto huyo, si halali awaache aingie utawani. Wakiwa na mwingine wa kuwatunza, anaweza kwenda. Hali ya mama ni hiyo ya pili, na hilo limenituliza kiasi. Kiasi tu, kwa sababu "mwingine wa kuwatunza" ana jina, ana mgongo unaochoka, na sikuwahi kumshukuru.

Nikakaa na kaka na shemeji jioni, tukagawana. Likizo zote, miguu ya mama ni kazi yangu. Nikiwa masomoni, kila Jumapili napiga simu, na sianzi na habari zangu. Naanza na swali moja, "Mama, nini kinauma?" halafu nasubiri ajibu mpaka mwisho. Shemeji alicheka akasema, "Frateri, tutaona." Ana haki ya kusema hivyo.

Tendo la wiki hii: kama mzazi au babu na bibi yuko karibu, tazama miguu yake. Simu iache ndani.

Tusali: Ee Bwana, uliyewaosha miguu wanafunzi wako, utuondolee neno "subiri kwanza" tunapoitwa na waliotulea. Uwape nguvu wale wanaowatunza wazee bila kuonekana na mtu yeyote. Amina.