Aliyefika Salama na Aliyeua

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka niwazungumzie madereva wawili. Mnawajua, kwa sababu wengi wenu mnaosali hapa Kipevu mnakula kwa usukani, au mna mtoto, ndugu au shemeji anayekula kwa usukani.

Madereva hao wamepakia kontena usiku mmoja, wakatoka kwenye geti kuelekea Changamwe. Wote wawili wamekesha kwenye foleni, na matajiri wao wanawapigia simu kila saa kuuliza wamefika wapi. Mbele kidogo kila mmoja anakanyaga mafuta mpaka kilomita 80 kwa saa, mahali panapotakiwa 50. Simu inalia, kila mmoja anainamisha macho kusoma ujumbe kwa sekunde tatu. Kwa mwendo ule, katika sekunde tatu trela imekwenda zaidi ya mita 66 bila mtu wa kuiangalia. Wa kwanza alipoinua macho, barabara ilikuwa tupu. Akaendelea na safari yake, akapita mizani ya Mariakani, akanywa chai, akasahau. Wa pili alipoinua macho, mbele yake palikuwa na bodaboda iliyombeba mama anayetoka kazini. Mwenye pikipiki akafa, na yule mama akafa.

Sasa nionyesheni tofauti ya watu hawa wawili ilipo. Usingizi ni ule ule, mwendo ni ule ule, simu ni ile ile, na sekunde ni zile zile tatu. Kilichowatenganisha ni saa ambayo yule mama alitoka kazini, jambo ambalo dereva hakulipanga wala hakulijua. Hata hivyo wa kwanza tunamwita dereva hodari, na wa pili tunamwita muuaji.

Sheria ya nchi nayo inawatenganisha. Katika Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, anayesababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari hushtakiwa kwa kifungu cha 46, na anaweza kufungwa hadi miaka 10. Aliyeendesha kwa hatari vile vile lakini hakuna aliyekufa hushtakiwa kwa kifungu cha 47, na kwa kosa la kwanza adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili. Hiyo ni kama atakamatwa. Yule wa kwanza hakukamatwa na mtu. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika juu ya fumbo hili hili: inakuwaje tumlaumu mtu kwa kiasi ambacho bahati ndiyo iliyokipima? Wamebishana juu yake tangu hapo. Sisi tuna Kitabu na tuna Sunna, na ndani yake kuna majibu mawili ambayo hayana budi kushikwa pamoja.

Jibu la kwanza linamhusu yule aliyefika salama. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume aliamrisha kwamba anayepita msikitini au sokoni akiwa na mishale aishike kwenye ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Tazameni amri hiyo imekuja lini. Haikungoja mtu achomwe. Mwenye kupita sokoni ncha zikiwa wazi amekwisha kuasi amri, hata kama watu wote wamempisha na amefika kwake bila tone la damu. Na katika mapokezi ya Abu Daud, Mtume amesema juu ya mtu anayelala juu ya dari lisilo na ukingo kwamba dhima imemtoka. Hakusubiri aanguke. Kulala penyewe ndiko kulikomtoa katika dhima, na aamkapo asubuhi yu mzima, lile alilolifanya usiku bado lipo.

Kwa hiyo, ewe uliyepita Changamwe jana ukisoma simu, ukafika, ukasema alhamdulillahi, shukrani yako ni njema lakini haikufutii dhambi. Jumuiya ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha nane huko Brunei mwaka 1993, ilikata kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sheria ya Mwenyezi Mungu ni wajibu wa kidini. Kuvunja wajibu ni maasi, na maasi hayaangalii kama kuna maiti. Mbele ya Mola wako, katika zile sekunde tatu, wewe na mwenzako aliyeko rumande mko mstari mmoja.

Hili ni zito kulikubali, kwa sababu aliyefika salama hana cha kulilia. Toba inataka kuacha, kujuta na kuazimia kutorudia, na moyo hujuta kwa urahisi ukiona damu. Pasipo damu, lile kosa hugeuka hadithi ya kusimuliwa stejini kwa vicheko: nilivyomkwepa, nilivyoponea chupuchupu, nilivyowahi. Ukijisikia unaisimulia hivyo, jua kwamba toba bado hujaianza.

Wazee wetu wa pwani wanaikumbuka Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, siku ilipopinduka feri ya Mtongwe, hapo ng'ambo ya maji, wakafa watu 272. Feri ile ilibeba watu kuliko uwezo wake. Tulizika, tukalia, tukauliza nani alaumiwe kwa siku ile. Swali ambalo hatukuliuliza vya kutosha ni la siku nyingine zote: je, chombo kinachojazwa kupita kiasi kikafika gatini, waliokijaza wamefanya nini? Hakuna tume inayoundwa kwa safari iliyofika. Malaika wanaoandika hawangoji tume.

Najua kuna ndugu atakayeniambia, sheikh, ajali haina kinga, ile ni kadari. Ni kweli kila roho ina ajali yake iliyoandikwa. Lakini Umar bin Khattab, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubaida akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kuwa anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu. Basi na kuweka simu chini ni kadari, na kulala saa sita kabla ya safari ni kadari. Kadari ni faraja ya mfiwa. Dereva hawezi kuichukua akaifanya wakili wake wa utetezi.

Jibu la pili linamhusu aliyeua. Ikiwa dhambi ya uzembe ni moja, mbona sheria ya Mwenyezi Mungu haiwaachi wawili hawa sawa? Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, aliyemuua Muumini kwa kukosea ameamrishwa kumwacha huru mtumwa Muumini na kuwapa jamaa wa marehemu diya, isipokuwa wakisamehe. Asiyepata mtumwa, na leo hakuna wa kumpata, afunge miezi miwili mfululizo. Dereva wa kwanza hadaiwi hata siku moja ya saumu hiyo.

Angalieni mzigo huo ulivyogawanywa, kwa maana hekima yote imo humo. Diya, ambayo asili yake ni ngamia mia, katika kuua kwa kukosea haibebwi na muuaji peke yake. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi inabebwa na jamaa zake wa kiumeni, na wanapewa miaka mitatu kuilipa. Kama ingekuwa ni adhabu ya ubaya wa moyo wake, ami na binamu wangelipiaje? Inalipwa kwa sababu kuna watoto waliobaki bila baba, na haki yao imethibiti, awe aliyewafanya mayatima ni mtu mbaya au mwenye bahati mbaya. Saumu, kinyume chake, hakuna awezaye kumbebea. Ameondoa duniani nafsi iliyokuwa ikimwabudu Mola wake, kwa hiyo anaitoa nafsi yake mwenyewe kwa miezi miwili. Na aya inamalizia kwa kuiita saumu hiyo toba, ijapokuwa hakukusudia.

Dereva wetu ameua wawili, na kila nafsi ina kafara yake. Atafunga miezi miwili kwa ajili ya mwenye pikipiki, na miezi miwili kwa ajili ya yule mama. Anaweza kupumzika baina ya kafara hizo mbili, lakini ndani ya kila miezi miwili akila siku moja bila udhuru anaanza upya. Kwa hiyo apange kalenda yake mapema, Ramadhani isimkute katikati, wala sikukuu ya Idi. Bima ya gari ikiwalipa warithi, hiyo ni fidia ya mali, wala haimpunguzii saumu. Kadhi naye hatamwita, kwa sababu mahakama za kadhi nchini kwetu zina mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi tu. Hakuna atakayemfuatilia, na hata akitoka gerezani baada ya miaka yote, deni la saumu analo.

Basi msimwambie kuwa halikuwa kosa lake, mkamwondolea njia aliyofunguliwa ya kutua mzigo. Wala msimtenge kana kwamba alikuwa mbaya kuliko nyinyi mliopita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Kaeni naye kwenye futari zake.

Yuko mtu wa tatu ambaye sijamtaja, naye ni tajiri mwenye trela. Yeye ndiye aliyempigia simu dereva kila saa, akamlipa kwa idadi ya safari, akamwambia asiyeweza kukesha aache funguo mezani. Katika kanuni za fiqhi, akikutana aliyetenda kwa mkono wake na aliyesababisha, hukumu kwa kawaida humwangukia aliyetenda. Ndiyo maana dereva ndiye anayefunga, na jina la tajiri huenda lisitajwe hata mahakamani. Yeye naye, kama yule dereva wa kwanza, amefika salama. Ujumbe uliokuwa ukisomwa katika zile sekunde tatu ulitoka kwake. Mwenye gari uliyemo humu, tukishamaliza sala, fungua simu yako usome ulichomwandikia dereva wako jana usiku, kisha mpigie akiwa amesimama umuulize amelala saa ngapi.